Kabla ya kukokotoa mnepo wa chuma kilichopindwa robo duara

Chukua nondo laini ya milimita 20 iliyopindwa robo duara kama shingo ya nguzo ya taa. Chini imeshikwa imara, na ncha ya juu inabeba mzigo P. Ukiifuata kwa mlinganyo wa boriti iliyonyooka utakwama, kwa sababu mhimili wenyewe umepinda. Njia nyepesi ni ile ya mhandisi Mwitaliano Castigliano, ya mwaka 1873: pata nishati inayohifadhiwa ndani ya chuma kinaponepa, kisha uangalie inavyobadilika mzigo ukibadilika. Badiliko hilo ndilo mnepo wa pale penye mzigo, kwa uelekeo wa mzigo.

Kwanza hakikisha njia inaruhusiwa. Chuma kisivuke kikomo cha kurudi kilivyokuwa, na ncha ya chini isizunguke. Pia nusu kipenyo cha mpindo, R, kiwe zaidi ya mara 10 ya unene. Hapa ni 300 kwa 20, yaani mara 15, kwa hiyo nishati ya kupinda peke yake inatosha. Ndoano nene ya winchi haingefaa kuhesabiwa hivi.

Kisha amua unataka mnepo upi. Ncha hii haishuki tu, inasogea pia upande. Kwa kuwa hakuna mzigo wa ulalo, weka wa kubuni, Q, kabla hujaandika momenti ya kupinda, M. Pima pembe θ kuanzia ncha huru, maana huko huhitaji nguvu za mwega. E ni ugumu wa chuma, I ni ukinzani wa umbo la nondo dhidi ya kupinda, na δ ni mnepo wa ulalo:

```
M = P·R·sinθ + Q·R·(1 − cosθ)
δ = (1/EI) ∫ M·(∂M/∂Q)·R dθ,  θ: 0 → π/2
```

Hapa ndipo wengi huteleza: wanaifanya Q kuwa sifuri mapema, na ∂M/∂Q inapotea. Ifanye sifuri baada ya kupata ∂M/∂Q, lakini kabla ya kujumlisha, la sivyo utabeba vipande vya bure. Kwa mnepo wa wima, weka ∂M/∂P mahali pake.

```
wima  = π·P·R³ / (4EI)
ulalo = P·R³ / (2EI)
```

Kwa P = 100 N, E = 200 000 N/mm² na I = 7 854 mm⁴, ncha inashuka milimita 1.35 na kusogea mbele 0.86. Mgandamizo wa kufuata urefu wa nondo unaongeza chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Tuliuacha kwa haki. Ukipata 0.0045 isiyo na kipimo, umeandika dθ ukasahau R. Jibu hasi si kosa, ncha imeenda kinyume na Q.

Kama muundo una mizigo miwili iliyo sawa, ipe herufi tofauti. Ukiiita yote P, hesabu itakupa jumla ya minepo miwili, na jumla hiyo huonekana ya kuaminika kabisa.