Mali Kauli: Stoki Iingie Kwenye Vitabu vya Nani?

Fundi wa mikoba ya ngozi wa Kariokor, Nairobi, amepeleka mikoba 40 kwenye duka la Westlands kwa mali kauli: ikiuzwa analipwa, isipouzwa inarudi. Kila mkoba umemgharimu shilingi 1,800. Bei kwa mteja ni 3,500, ameipanga yeye, na duka linabaki na kamisheni ya 700. Mwisho wa mwezi imeuzwa 25. Je, ile 15 iliyobaki dukani ni stoki ya nani?

Hatua ya 1: Soma makubaliano. Mali kukaa kwenye rafu ya mtu hakuifanyi kuwa yake. IFRS 15, kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa mapato, inakutaka uangalie kama fundi anaweza kuichukua mikoba yake au kuihamishia duka lingine kabla haijauzwa, na kama duka lina deni lolote kabla mteja hajanunua. Mimi huuliza pia: mtindo ukipita, hasara anaila nani? Hapa fundi anaweza kuichukua, duka halidaiwi, na hasara ni ya fundi. Basi stoki ni yake. Duka liandike idadi tu kwenye daftari la kumbukumbu, bila thamani.

Hatua ya 2: Siku ya kupeleka, hamisha tu.

```
Debiti   Stoki iliyo Westlands   72,000
Krediti  Stoki ya karakana       72,000
```

Andikeni hati ya kupokea mzigo, pande zote mbili zitie sahihi. Ankara isubiri. Niliwahi kurekebisha vitabu vya karakana moja iliyokuwa ikitoa ankara mzigo ukiondoka tu. Ilionekana ina faida, kisha mzigo ukaanza kurudi. Kibaya zaidi, wakati wa kufunga mwaka stoki ile haikuwa kwenye vitabu vya karakana wala vya duka.

Hatua ya 3: Ingiza mauzo duka likileta taarifa. Fundi anaandika mauzo 87,500, kamisheni 17,500 kama gharama, na deni la duka 70,000. Gharama ya mikoba iliyouzwa ni 45,000, kwa hiyo stoki iliyo Westlands inabaki 27,000. Mapato ya duka ni ile kamisheni ya 17,500 peke yake.

Hatua ya 4: Nenda ukahesabu. Taarifa ya duka peke yake haitoshi. Ukikuta mikoba 13 badala ya 15, miwili imeuzwa bila kutajwa au imepotea, na makubaliano yawe yameshasema nani analipa.

Chunga sana kifungu kinachosema "isiporudishwa ndani ya siku 60, imenunuliwa." Kikiwepo, andika tarehe ya kila mzigo. Tuseme ile 15 bado iko rafuni siku ya 61. Hapo imekwisha kuwa mali ya duka: duka linaingiza stoki na deni la 42,000, yaani 2,800 kwa kila mkoba, na fundi anaandika mauzo ya 42,000 na kuitoa ile 27,000 kwenye stoki yake. Wote wawili wafanye hivyo kwa tarehe ileile, la sivyo mikoba hiyo itahesabiwa mara mbili au isihesabiwe kabisa.