Pini kwa pini: kupata urefu wa silinda ya haidroliki kabla bomba halijakatwa

Ukimwambia fundi wa leidhi wa Kariobangi unataka silinda ya stroki 400, yaani mwendo wa rodi wa milimita 400, bado hajui akate bomba urefu gani. Anahitaji kujua pini kwa pini ni ngapi silinda ikiwa imefungwa. Urefu huo ni stroki pamoja na urefu mfu, yaani vipande vyote kati ya pini mbili ambavyo haviongezi mwendo.

Hatua ya 1. Pima vipande kuanzia nyuma, kwa milimita. Tuchukue silinda ya loda ya trekta:

- katikati ya jicho la nyuma hadi uso wa ndani wa kitako: 60
- pistoni: 40
- glandi, yaani kifuniko cha mbele ambamo rodi hupita, uso wa ndani hadi wa nje: 60
- rodi inayobaki nje silinda ikifungwa: 20
- bega la rodi hadi katikati ya jicho la mbele: 45

Urefu mfu ni 225. Jicho la kufungwa kwa nyuzi lipimwe kutoka uso unaogusa bega. Nyuzi zinazozama ndani hazihesabiwi.

Hatua ya 2. Imefungwa: 225 + 400 = 625. Imefunguka: 625 + 400 = 1025.

Hatua ya 3. Hakiki kwa tepu silinda ikishaunganishwa. Katikati ya tundu haionekani, basi pima kati ya kingo za ndani za matundu mawili, kisha kingo za nje, ujumlishe na ugawe kwa 2. Njia hii inafaa hata kama bushi hazilingani.

Pima hivyo silinda ikiwa imefungwa, kisha ikiwa imefunguka. Vipimo hivyo viwili vikikataa kulingana na 625 na 1025, hapo ndipo hesabu inapokusaidia. Ukipata 645 na 1025, tatizo liko nyuma ya pistoni. Mara nyingi ni nati iliyotokeza milimita 20 na kitako hakikuchimbwa shimo la kuipokea, hivyo stroki imebaki 380. Ukipata 625 na 1005, kitu kinazuia pistoni upande wa glandi. Vyote viwili vikipungua kwa 5, stroki ni nzima na kosa liko kwenye jicho. Kwa nyuzi za M24x2, mizunguko miwili na nusu inarudisha hiyo 5, na jicho linabaki sambamba na pini. Hakikisha nyuzi zilizobaki ndani hazipungui milimita 24, kisha kaza nati ya kufungia.

Hatua ya 4. Linganisha na mashine yenyewe: pima kati ya mashimo ya pini mikono ikiwa chini kabisa, kisha juu kabisa. Umbali wa juu ukifika mara mbili ya ule wa chini, silinda ya hatua moja haiwezi, kwa sababu urefu mfu hauwezi kuwa sifuri. Hapo hamisha mabano ya pini, au tafuta silinda ya kuchomoka kwa hatua kadhaa kama ya tipa.