Kabla hujabonyeza "nunua", angalia pengo

Jamani mnaonunua hisa kwa simu, msiangalie ile bei ya mwisho peke yake, fungua kitabu cha oda, ile orodha ya wanaotaka kununua na wanaotaka kuuza, uone wamesimama bei gani pande zote mbili. Juzi niko kibarazani hapa Majengo natazama kahisa kamoja kadogo, mnunuzi wa juu anatoa 4.10, muuzaji wa chini anataka 4.50, manake hilo pengo la senti 40, ndiyo spredi, ni karibu asilimia 10 na bado hujalipa kamisheni ya broka. Halafu cheki na idadi, hapo 4.50 zilikuwa hisa 300 tu, zinazofuata ziko 4.80, kwa hivyo ukitaka 1,000 kwa oda ya soko, yaani papo hapo kwa bei yoyote iliyopo, unalipa 4,710, na ukijuta dakika hiyohiyo, hata mnunuzi wa 4.10 akizibeba zote, unarudi na 4,100. Shilingi 610 zishaenda na bei haijasonga! Pengo kubwa hivyo lakwambia watu hawapo. Hata duka la foreksi ni vilevile, pengo la dola ni jembamba, la sarafu isoulizwa sana limepanuka. Mie huweka oda ya limiti, yaani nataja bei ya juu kabisa nitakayolipa, tuseme 4.25, nikangoja. Siku nyengine haijazwi kabisa.