"Naomba uipitie chati yangu," na chati yenyewe haimo

Ujumbe ulikuja saa mbili usiku: "Kaka habari za kazi. Naomba uipitie chati yetu ya chanjo kabla ya kikao cha kesho kutwa. Penta 1 inapanda vizuri, ila Penta 3 imeshuka sana mwezi wa nne. Tatizo ni nini?" Niliteremsha skrini kutafuta picha. Hakuna. Kwenye zahanati za mbali hilo ni jambo la kila wiki: maneno yanapita, picha inabaki inazunguka kwa sababu mtandao ni mdogo, na mtumaji anajua ameshaituma.

Kazi yangu ni kusaidia vituo kusoma takwimu zao za chanjo. Penta ni chanjo ya watoto wachanga inayotolewa kwa dozi tatu: Penta 1 ni dozi ya kwanza, Penta 3 ya mwisho. Hapa naeleza ninavyoshughulikia ombi la namna hiyo, kwa kutumia ujumbe huu huu wa sista.

Hatua ya 1: Sema hujaiona, kabla ya neno lingine lolote

Zamani nilikuwa najibu. Mtu akiniambia Penta 3 imeanguka, namwambia huenda mmeishiwa chanjo, agizeni. Siku moja muuguzi alinijibu kwa upole kwamba friji imejaa. Ningefikiri kidogo nisingesema vile, kwa sababu Penta 1, 2 na 3 hutoka kwenye kichupa kile kile. Kama Penta 1 inatolewa kama kawaida, chanjo ipo. Nilikuwa nimetafsiri mstari ambao sijauona, na hata maelezo niliyopewa sikuyasikiliza vizuri.

Siku hizi naanza hivi: "Sista, maneno yamefika, picha haijafika. Sijaiona chati, kwa hiyo bado siwezi kusema tatizo ni nini. Nina maswali mawili." Hiyo inatosha. Ukiongeza "lakini kwa ulivyoeleza inaonekana...", hicho ndicho kitakachonukuliwa kwenye kikao.

Hatua ya 2: Yapime maelezo yenyewe

Hapa watu wengi huruka, na mimi naona ndipo penye utamu. Maelezo si chati, lakini yanaweza kukuonyesha kosa kabla hujaona chochote, mradi unajua chati ya aina hiyo hufanyaje kazi.

Chati ya chanjo inayobandikwa ukutani huchorwa kwa jumla limbikizi. Unachukua lengo la mwaka la watoto walio chini ya mwaka mmoja, unaligawa kwa 12, na mstari wa lengo unapanda kwa mshazari kutoka sifuri Januari hadi lengo zima Desemba. Kila mwisho wa mwezi unachukua waliochanjwa mwezi huo, unawaongeza kwenye jumla ya miezi iliyopita, ndipo unaweka nukta. Penta 1 ina mstari wake, Penta 3 wake, na pengo kati ya mistari hiyo miwili ndilo linaloonyesha watoro, yaani walioanza chanjo wasimalize.

Sasa rudia ujumbe wa sista: Penta 3 "imeshuka sana". Jumla limbikizi haishuki. Hata mwezi mzima ukipita bila kuchanja mtoto hata mmoja, mstari utalala tu, utakwenda sambamba na sakafu. Ukishuka, ama chati si limbikizi, ama kuna nukta imewekwa mahali pasipo pake, ama msemaji anasema "imeshuka" akimaanisha imepungua kasi. Mambo matatu tofauti kabisa, na ukiwa na maelezo matupu huwezi kuchagua lipi. Ila unajua cha kuuliza.

Hatua ya 3: Omba namba kwanza, picha baadaye

Namba zinapita hata kwenye mtandao hafifu, na hazina ukungu. Chini ya chati kuna visanduku ambamo jumla ya kila mwezi huandikwa, kwa hiyo humtwishi mtu kazi mpya, unamwomba akusomee. Swali langu la kwanza lilikuwa: "Nisomee visanduku vya chini, Penta 1 na Penta 3, Januari hadi Aprili. Waliochanjwa mwezi huo tu, usijumlishe." La pili: "Lengo la mwaka ni ngapi?"

Sentensi ya "usijumlishe" usiiache. Ukiomba "namba za chati" utaletewa mchanganyiko, mwezi huu jumla, mwezi ule si jumla, nawe hutajua. Majibu yake:

```
Lengo la mwaka: 240
          Jan  Feb  Mac  Apr
Penta 1    22   19   21   21
Penta 3    20   18   17    9
```

Hatua ya 4: Ichore mwenyewe

Karatasi ya daftari yatosha. Nilijumlisha: Penta 1 inakwenda 22, 41, 62, 83. Penta 3 inakwenda 20, 38, 55, 64. Lengo la miezi minne ni 80, kwa hiyo Penta 1 iko juu kidogo ya mstari wa lengo. Penta 3 haikushuka popote, imepunguza mwendo tu. Kiwango cha watoro hadi Aprili ni:

```
(Penta 1 - Penta 3) / Penta 1 x 100
(83 - 64) / 83 x 100 = 22.9
```

Hadi Machi kilikuwa 11.3. Kikipita 10 tunaanza kuuliza maswali, kwa hiyo 22.9 si ya kufumbia macho.

Tahadhari moja kabla ya kuiamini namba hii kupita kiasi. Penta hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Aliyepata Penta 3 Aprili, kwa kawaida alianza Februari. Kwa hiyo unapolinganisha Penta 1 na Penta 3 za mwezi mmoja, hulinganishi watoto wale wale. Kwa jumla ya miezi mingi tofauti hiyo humezwa, lakini kwa mwezi mmoja mmoja inaweza kukutisha bure au kukutuliza bure.

Hatua ya 5: Sasa idai picha, na useme unataka nini ndani yake

Kama namba zimeshapatikana, picha ya nini? Kwa sababu uliombwa kupitia chati, na namba hazikuonyeshi mtu alichoraje. Kosa la kuchora halimo kwenye namba.

Ukisema "nitumie picha" tu, utaletewa kona moja ya chati yenye mwanga wa tochi katikati, maana nyingi zimefunikwa plastiki. Mimi huandika: "Zima flashi. Simama katikati ya chati, si pembeni. Piga chati yote, kuanzia kichwa chenye jina la chanjo na mwaka hadi visanduku vya chini. Kisha piga ya pili ya karibu, Machi na Aprili tu. Zitume kama dokyumenti." Ikitumwa kama picha ya kawaida WhatsApp huiminya, na mistari ya penseli hupotea kabisa.

Picha zilifika asubuhi. Januari, Februari na Machi, nukta za Penta 3 zilikuwa kwenye 20, 38 na 55. Aprili nukta ilikuwa kwenye 9. Miezi mitatu alichora mtu aliyejumlisha, wa nne akachora mtu ambaye hakujumlisha, na mstari ukaporomoka kama jiwe kisimani. Penta 1 ya Aprili ilikuwa kwenye 83, sawasawa. Kumbe mkono wa pili ulipokea kalamu katikati ya kazi.

Hatua ya 6: Jibu, ukitenganisha ulichokiona na ulichoambiwa

Jibu langu lilikuwa na sehemu mbili, na niliziandika mbalimbali makusudi. Kwenye chati nimeona: nukta ya Penta 3 ya Aprili iko 9, inatakiwa iwe 64, mstari haukushuka. Kwa namba ulizonisomea, ambazo sijazihakiki kwenye rejista: mmewachanja 9 wakati mnazoea 17 hadi 20, kwa hiyo tatizo bado lipo hata chati ikirekebishwa.

Kosa la kuchora likipatikana kila mtu hufurahi na kufunga mjadala. Usikubali. Nilimwomba sista afungue rejista ya watoto na karatasi zote za kuhesabia za Aprili, pamoja na za huduma ya mkoba, yaani chanjo zinazotolewa vijijini nje ya zahanati.

Karatasi ya mkoba ilikuwa kwenye begi la mkoba, haijawahi kutoka. Ilikuwa na watoto 6 wa Penta 3 na 2 wa Penta 1. Aprili ikawa 15 na 23, jumla limbikizi 70 na 85, na watoro wakashuka hadi 17.6. Bado juu ya 10, ila si picha ile ya jana usiku. Ona kwamba picha nzuri kiasi gani isingeonyesha begi lile. Kupitia chati, hata ukiiona, kunaishia kwenye chati.

Kisha alichukua watoto 19 walioanza Penta 1 Februari, akatafuta jina moja moja. Wanane hawakuwa na alama ya Penta 3.

Kwa upande wako unayeomba

Ukitaka kupitiwa chati bila kuzungushwa siku mbili, ujumbe uwe na vitu vinne: namba za kila mwezi zisizojumlishwa, lengo, picha, na swali moja. Ukishatuma, subiri uone picha imefika upande wa pili, au uliza "umeipata?" Usitumie maneno kama imepanda, imeshuka, imetulia. Andika "Machi 17, Aprili 9". Na ukiwa na maoni yako kuhusu chanzo, yaandike mwishoni, maana yakitangulia anayekupitia ataiona chati kwa macho yako.

Sista alifuta nukta ya Aprili, akaiweka kwenye 70, akaandika kwa kalamu pembeni "imerekebishwa, mkoba umeongezwa" na tarehe. Majina manane alimpa mhudumu wa afya wa kijiji. Watatu kadi zao zilionyesha wameshachanjwa kituo kingine mjini, wawili familia zimehama, watatu walirudi zahanati Mei.