Somo: Kupanga sampuli na muda kabla ya kushindanisha matangazo mawili

Kila wiki naulizwa, "Tangazo B linaongoza, nizime A?" Naliweka jibu hapa ili nisilirudie.

Tuchukue duka la viatu linalopokea oda kwa WhatsApp. Katika kila watu 100 wanaoliona tangazo la sasa, 2 hutuma ujumbe.

1. Chagua kipimo kimoja: waliotuma ujumbe kati ya waliofikiwa, kila mtu akihesabiwa mara moja.

2. Watu wagawanywe kwa bahati nasibu, anayeona A asione B.

3. Amua ongezeko dogo kabisa lenye faida kwako. Tuseme ni kutoka asilimia 2 hadi 2.5. Hapo p ni wastani wa viwango hivyo viwili, na d ni tofauti yao:

```
n = 16 * p * (1 - p) / d^2
n = 16 * 0.0225 * 0.9775 / 0.000025 = 14076
```

Kila tangazo linahitaji watu takriban 14,100. Ile 16 inakupa uwezekano wa asilimia 80 wa kuligundua ongezeko hilo likiwapo, na wa asilimia 5 wa kuona tofauti isiyokuwapo.

4. Bajeti ikifikia watu wapya 2,100 kwa siku, 28,200 wa matangazo yote mawili watapatikana kwa siku 13 na kitu. Fanya 14, ili kila siku ya juma iingie mara mbili.

5. Usihukumu kabla ya siku ya 14. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ile asilimia 5 ni ya anayepima mara moja tu, mwishoni. Anayepima mara 10 akiwa tayari kusimama popote matokeo yanapompendeza, hata kama matangazo yake yana nguvu sawa kabisa, atatangaza mshindi wa uongo kwa uwezekano wa takriban asilimia 19. Siku ya 2 kila tangazo limefikia watu 2,100, na ujumbe 42 dhidi ya 55 unaonekana ushindi mkubwa, ilhali pengo hilo hutokea kwa bahati tu. Wala usibadili picha au bajeti katikati. Kiungo kikiwa kibovu au bei ikikosewa, simamisha, rekebisha, kisha anza kuhesabu upya.

Maswali

*Mkuu, siku ya 3 B inaongoza kwa asilimia 40. Nizime A?*
Soma hatua ya 5.

*Lakini naunguza hela kwenye A!*
Hujui bado kama A ndiyo mbovu. Hicho ndicho unachokilipia.

*Mwalimu, bajeti yangu hufikia watu 400 tu kwa siku. Niache kabisa?*
Usiache, ila tafuta tofauti kubwa zaidi. Kutoka asilimia 2 hadi 3 kunahitaji watu 3,900 kwa kila tangazo, yaani siku 20, fanya 21. Kwa hiyo usishindanishe rangi ya kitufe. Shindanisha ofa yenyewe, kwa mfano punguzo la bei dhidi ya kuletewa bure.

*Siku 14 zikiisha bila tofauti ya wazi, niongeze wiki?*
Hapana. Kuongeza kwa sababu matokeo hayakukupendeza ni kuchungulia kulekule. Bakia na tangazo lililo rahisi kutengeneza, kisha panga jaribio jipya.

*Na mishahara ikitoka katikati ya jaribio?*
A na B zinaipata siku hiyo kwa pamoja, hivyo ulinganisho haupindi. Ila kiwango cha asilimia 2 unachoanzia usikichukue kwenye wiki ya mishahara peke yake.