Kiitikio cha Kiingereza: anza na mapigo, maana baadaye

Kwaya na bendi nyingi hapa Dar hutafsiri kiitikio cha Kiswahili kwa Kiingereza neno kwa neno, kisha huburuta silabi hadi zienee. Jaribu kinyume chake. Chukua mstari kama "Usiniache, mpenzi". Una silabi nane, kwa sababu ile "m" ina noti yake, na mkazo uko kwenye ya nne (a) na ya saba (pe).

Tafsiri sisisi, "Do not leave me, my love", ina sita tu. Mbaya zaidi, inaishia kwenye neno zito, wakati muziki wetu umeacha noti moja nyepesi mwishoni, maana Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Hapo mwimbaji husikika amekabwa.

Sasa imba "Oh don't you leave me, my baby". Silabi nane, mikazo ya nne na ya saba, na mwisho unabaki na "i" ileile ya "mpenzi", kwa hiyo noti ikivutwa mdomo haufungi. "Darling" nayo inaenea, ila ule mwisho wake huzima sauti puani. Hiyo "oh" ni kijazio, sawa, lakini iko kwenye noti nyepesi, hakuna atakayeilalamikia.