Kabla ya kushonwa kano za bega: jizoeze kwanza kuulegeza mkono

Kano ya bega iliyoshonwa kwenye mfupa hushikiliwa na nyuzi tu wiki za mwanzo. Kushikana kwake na mfupa huchukua takriban miezi 3, ilhali maumivu hupungua mapema zaidi. Hapo ndipo hatari ilipo: bega limetulia, mtu anainua mkono kufikia rafu, na nyuzi zinaichana kano.

Kwa hiyo muulize daktari wako kabla ya upasuaji: mkanda wa kuning'iniza mkono nitauvaa hadi lini, na mazoezi yaanze lini? Wengi huuvaa wiki 4 hadi 6, hata usingizini, lakini ukubwa wa mchaniko hubadilisha ratiba. Jizoeze kuuvaa kwa mkono mmoja. Kiwiko kikae hadi mwisho wa mfuko wake, na kiganja kisining'inie chini ya kiwiko.

Bega lisiloguswa kabisa hukakamaa. Dawa yake ni kusogezwa bila misuli yake kufanya kazi, na ustadi huu ni rahisi kuujifunza kabla ya upasuaji. Simama, shika meza kwa mkono mzima, inama, uache mwingine uning'inie. Sasa yumbisha kiwiliwili mbele na nyuma, kisha kwa duara. Mkono ufuate wenyewe. Duara liwe dogo, kama sahani, kwa sababu likiwa kubwa misuli huanza kusaidia. Jipime hivi: tuliza mwili ghafla. Mkono uliolegea hupunguza mwendo taratibu hadi usimame. Mkono ukiendelea kuzunguka vilevile, ni wewe unayeuzungusha. Rudia hadi uache kabisa kuusaidia. Baada ya upasuaji utafanya hivyo mara chache kwa siku, pale tu utakaporuhusiwa.

Vidole na kifundo cha mkono husogezwa tangu mwanzo, ganzi ikishaisha. Kiwiko pia hukunjwa na kunyooshwa, mkono wa juu ukiwa umebanwa ubavuni, isipokuwa daktari ameshona pia kano ya msuli wa mbele wa mkono wa juu. Hilo liulize.

Mwiko mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kujisukuma kwa mkono ulioshonwa unapoinuka kitini au kitandani, maana mwili hufanya hivyo bila kufikiri. Andaa kiti chenye kikalio cha juu, na mito ya kulala nusu umeketi, mmoja ukiwa nyuma ya kiwiko kisirudi nyuma. Usipeleke mkono mgongoni, wala usinyanyue kitu.

Ukisikia mchaniko wa ghafla, au homa, usaha, uvimbe wa shavu la mguu, piga simu hospitali siku hiyohiyo. Bega likikaza kuliko juma lililopita, mwambie mtaalamu wa fiziotherapia. Usilivute kwa nguvu.

Nguo ziwe za vifungo mbele: mkono ulioshonwa huingia kwanza na kutoka mwisho. Kwapa nalo huoshwa ukiwa umeinama vilevile, mkono ukining'inia.